Miezi Iliyofichwa

Wilaya za Mbulu na Hanang ni jirani katika mkoa wa Manyara. Moja imekaa juu ya nyanda za baridi, na upande wake wa magharibi unashuka mpaka bonde la joto la ziwa Eyasi. Nyingine imeuzunguka mlima Hanang, ambao kilele chake kimepita mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Wairaqw, Wabarabaig na makabila mengine huishi humo, na kila moja lina adabu zake za ndoa na uzazi. Katika desturi ya zamani ya Wairaqw lilikuwako neno zito lililoitwa metimani. Neno hilo lilitaja unajisi uliomtenga mtu na wenzake kwa muda, ili msiba uliompata usienee katika nyumba na mashamba ya wengine. Binti aliyeshika mimba kabla ya kuolewa alikuwa miongoni mwa waliotengwa. Hakuruhusiwa kuzaa katika nyumba ya baba yake. Alipaswa kuondoka akatafute mahali pengine, au mtu wa kumpokea.

Desturi hiyo imefifia. Makanisa, shule na miji midogo vimeipunguza nguvu, na vijana wengi wa leo hulisikia neno hilo kwa wazee tu. Lakini desturi hufa kabla ya hofu yake. Binti wa leo hafukuzwi kwenda porini, ila anajua bila ya kuambiwa kuwa tumbo lake ni habari mbaya. Basi hulifunga kwa kanga, huvaa sweta kubwa, jambo ambalo katika baridi ya Mbulu halimshangazi mtu, naye hunyamaza. Hunyamaza mwezi wa pili, wa tatu, wa nne na wa tano. Katika ukimya huo ndimo hatari yake kubwa inamokulia.

Watu husema mara nyingi kwamba mimba ya utotoni ni hatari kwa sababu mwili wa binti ni mchanga. Maneno hayo ni kweli, lakini ni kweli iliyofupishwa mno. Mwili mchanga hauna hatari moja. Unazo kadhaa, na kila moja ina wakati wake wa kujitokeza na dawa yake. Isitoshe, umri wa miaka 14 si sawa na umri wa miaka 18. Binti aliyekaribia utu uzima, akila vizuri na kuangaliwa mapema, huweza kuzaa salama kama mwanamke wa miaka 22 anayezaa mara ya kwanza. Ni wale walio chini ya miaka 16 ambao maumbile yenyewe huwa hayajawa tayari. Nao si wachache wa kusahauliwa: hesabu ya afya na uzazi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa katika kila wasichana 100 wa umri wa miaka 15 mpaka 19, 22 walikuwa wamekwisha kushika mimba.

Hatari ya kwanza ni ya mfupa. Msichana hurefuka kwa haraka, kisha kimo chake husimama. Mtazamaji humwona ni mtu mzima. Lakini nyonga huchelewa nyuma ya kimo. Mifupa yake huendelea kupanuka kwa miaka kadhaa baada ya urefu kukoma, na njia ya mtoto hupata nafasi yake kamili mwishoni mwa ujana. Kichwa cha mtoto kikiikuta njia hiyo ni nyembamba, uchungu hushika usiku na mchana bila ya matokeo. Kichwa hukandamiza nyama laini baina yake na mfupa, damu haifiki katika nyama ile, nayo hufa. Siku chache baada ya uzazi nyama iliyokufa hudondoka, likabaki tundu, na mkojo ukaanza kuvuja mfululizo. Hiyo ndiyo fistula. Wapo mabingwa wa kuishona, kwa mfano katika hospitali ya KCMC huko Moshi na ya CCBRT huko Dar es Salaam, lakini si kila tundu hukubali kufungwa mara ya kwanza.

Juu ya jambo hili hapana budi kusema neno ambalo halipendezi: hakuna mkunga awezaye kuipima nyonga kwa macho au kwa vidole, akatoa hukumu ya hakika miezi miwili kabla ya uzazi. Kadi ya kliniki ya Tanzania humtaka muuguzi aandike umri chini ya miaka 20 na kimo chini ya sentimita 150, kwa kuwa mambo hayo ni onyo. Lakini onyo si hukumu. Wako wafupi wanaozaa bila ya taabu na warefu wanaokwama. Kwa hivyo tiba ya hatari ya mfupa haimo katika kipimo; imo katika mahali. Binti wa miaka 15 azalie penye chumba cha upasuaji, au karibu napo, basi. Jambo hilo huweza kupangwa mapema na watu wenye akili timamu, wala halihitaji chombo chochote.

Hatari mbili nyingine ni za kimya, na kwa ajili yake kliniki haina mbadala. Moja ni upungufu wa damu. Nyingine ni kupanda kwa shinikizo la damu, ambako mwisho wake huweza kuwa kifafa cha mimba. Ili msomaji azione zikitenda kazi, inafaa kumfuata binti mmoja. Binti huyu hana jina kwa sababu si mmoja: ni wengi waliokusanywa katika sura moja, na kila jambo linalompata ni la kawaida katika vituo vya afya vya nchi za juu.

Ana miaka 15. Kwao ni katika miinuko ya Mbulu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Alikuwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Aliyempa mimba ni kijana wa jirani, na jamaa wa pande mbili walikwisha kukutana usiku mara mbili, kwani sheria ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2016 humfunga miaka 30 mtu anayempa mimba mwanafunzi. Wazee wakaona heri kunyamaza. Sheria iliyotungwa kumlinda binti ikawa, katika nyumba ile, sababu nyingine ya kumficha. Kwenda kliniki ni kuandikwa. Kuandikwa ni kuulizwa umri na jina la mume.

Bibi yake ndiye aliyevunja ukimya. Asubuhi moja alimwona binti akisimama njiani na ndoo ya maji, akitweta kama mtu aliyepanda mlima, na viganja vyake vimekuwa vyeupe.

“Mjukuu wangu,” alimwambia, “aibu imekwisha kuingia nyumbani, imekula, imelala. Haidhuriki tena. Wewe ndiwe unayedhurika. Vaa viatu twende.”

Katika zahanati walipokewa na muuguzi mtu mzima. Binti aliamkia shikamoo kwa sauti isiyosikika. Muuguzi aliitikia marahaba, akamtazama bibi, akauliza kama mume au mwenzi wa binti amekuja. Swali hilo ni la desturi, kwa kuwa serikali hutaka wazazi wote wawili wapimwe maradhi kwa pamoja. Lakini katika baadhi ya vituo swali limegeuka kuwa mlango, na asiye na mwenzi huambiwa akalete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Hakuna mwongozo wa tiba unaoruhusu mjamzito kurudishwa nyumbani kwa kosa la kuja peke yake. Wangapi walirudi kwa sababu hiyo wasionekane tena mpaka siku ya uchungu? Muuguzi huyu alikuwa na busara. Bibi aliposema, “Mwenzi wake ni mimi,” aliandika na kuendelea.

Swali la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza: lini aliona damu ya mwezi kwa mara ya mwisho? Binti hakujua. Siku zake zilikuwa hazijatulia tangu zilipoanza, na hakuwa na desturi ya kuzihesabu. Muuguzi alipima tumbo kwa utepe, kutoka mfupa wa kinena mpaka juu ya mji wa mimba, akapata sentimita 26, naye akaandika wiki 26. Hapana njia nyingine iliyombakia. Lakini kipimo cha utepe hakitofautishi mtoto mdogo wa wiki 28 na mtoto wa kadiri wa wiki 26. Angalikuja katika miezi mitatu au minne ya mwanzo, picha ya mawimbi ya sauti ingaliutaja umri wa mimba kwa tofauti ya siku chache tu. Kadiri mimba inavyokua ndivyo picha hiyo inavyopoteza uhakika wake. Hasara hiyo ilionekana ndogo siku ile. Baadaye ilionekana ukubwa wake.

Kisha alipimwa damu. Wekundu wa damu ulikuwa gramu 11.1 kwa desilita. Kitabu kinasema mjamzito mwenye gramu 11 au zaidi hana upungufu, na muuguzi mwenye haraka angaliandika kuwa yu mzima. Lakini kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya watu wa pwani na tambarare. Katika nchi ya juu hewa ni nyepesi, na mwili hujiongezea damu nyekundu ili upate kuvuta pumzi ya kutosha. Mtu wa mita 1,800 huhitaji zaidi ya nusu gramu juu ya mtu wa Tanga ili wawe sawa. Ukitoa nyongeza hiyo, gramu 11.1 za binti huyu zinakuwa kama 10 na nusu, na viganja vyeupe havikusema uongo. Watafiti wa Tanzania na Norwei waliopima damu za wajawazito wa Mbulu na Hanang katika miaka ya 1990 waliutia mwinuko katika hesabu zao kwa sababu hiyo hiyo. Waliona vilevile kuwa wanawake wa tambarare za chini walikuwa na upungufu mkubwa kuliko wa milimani, kwani kule chini mbu wa malaria hustawi.

Upungufu huu humshika binti kwa nguvu kuliko mama yake. Mwili unaokua unahitaji madini ya chuma kwa nyama na damu yake wenyewe. Mimba nayo inadai chuma kwa mtoto na kondo la nyuma. Tena binti huyu aliingia katika mimba akiwa na akiba ndogo, kwa kuwa hedhi za mwanzo za usichana humwaga nyingi. Ni walaji wawili wanaokula chungu kimoja, na chungu chenyewe hakikujaa. Malaria ya mimba ya kwanza huzidisha mambo. Vimelea vyake hujificha katika kondo la nyuma kwa namna ambayo kinga ya utotoni haiitambui, na mwanamke huijenga kinga ya kuvizuia polepole katika mimba zinazofuata. Ndiyo maana dawa ya SP hutolewa kliniki kuanzia wiki ya 13, kila baada ya mwezi, isipungue mara tatu. Binti huyu alikwisha kupoteza nafasi tatu.

Alipewa chandarua, dawa ya minyoo, SP akaimeza palepale mbele ya muuguzi, na vidonge vya chuma vyenye foliki asidi, viwili kwa siku badala ya kimoja. Hapa ndipo watu wengi hushindwa bila ya kujua. Vidonge humezwa kwa chai, na chai huuzuia mwili usikichukue kile chuma. Au huachwa baada ya siku nne kwa kuwa choo kimekuwa cheusi na tumbo limefunga. Muuguzi alimweleza bibi mambo hayo yote mawili: ameze kwa maji, mbali na saa ya chai, na choo cheusi ni alama kuwa dawa imefika. Mtu akimeza kwa uaminifu, damu hupanda kama gramu moja katika mwezi. Isipopanda, ama hakumeza, ama kuna sababu nyingine ya kutafutwa.

Mwisho alipimwa shinikizo la damu: 104 kwa 62. Tarakimu nzuri. Lakini nzuri kwa kulinganishwa na nini? Shinikizo la mjamzito hushuka kwa maumbile katikati ya mimba, kisha hurejea juu kuelekea mwisho. Aliyepimwa mwanzoni ana kipimo chake mwenyewe cha kulinganisha. Aliyekuja katika mwezi wa sita amekutwa chini ya bonde, na hakuna ajuaye alishuka kutoka kilima gani. Liko na jambo jingine dogo ambalo hata wauguzi wazoefu hulisahau. Mkono wa binti wa miaka 15 ni mwembamba, na kitambaa cha kipimo kilichokatwa kwa mkono wa mtu mzima humzunguka kupita kiasi. Kitambaa kipana kuliko mkono hutoa tarakimu pungufu. Msichana huweza kuwa na shinikizo lililopanda, na chombo kikamhesabu kuwa salama.

Mwezi uliofuata shinikizo lilikuwa 116 kwa 74, na wekundu wa damu ulifika 11.9. Bibi alifurahi. Wiki tano baadaye lilikuwa 134 kwa 86. Mpaka wa hatari uliowekwa na waganga ni 140 kwa 90, na kwa mpaka huo binti alikuwa bado ndani ya uzio. Muuguzi hakuutazama uzio peke yake, alitazama mwendo. Aliyetoka 104 akafika 134 amekuja mbali kwa muda mfupi. Akapima mkojo, akakuta alama moja ya protini. Miguu ilikuwa imevimba, lakini miguu ya wajawazito wengi huvimba, uso haukuvimba. Alimwambia arudi baada ya siku tatu, si baada ya mwezi, na akawataja mbele ya bibi wageni wanne wasiosubiri siku ya kliniki: maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, na kuvimba uso.

Maradhi haya huanzia katika kondo la nyuma, ambalo mizizi yake haikupenya vizuri katika mishipa ya mji wa mimba. Nalo, likikosa damu ya kutosha, humwaga katika mwili wa mama vitu vinavyoumiza mishipa yake yote. Huandama zaidi mimba ya kwanza, na mabinti wa chini ya miaka 20 ni miongoni mwa wanaopatwa na kifafa chake mara nyingi. Shirika la Afya la Dunia lilipolinganisha uzazi katika nchi nyingi, likatangaza matokeo mwaka 2014, vijana hao walionekana kupatwa na kifafa cha mimba na maambukizo ya baada ya kuzaa kuliko wanawake wa miaka 20 mpaka 24.

Siku ya pili usiku kichwa kilimwuma. Bibi hakungoja siku ya tatu. Alfajiri walipanda pikipiki, binti katikati, mpaka zahanati. Shinikizo lilikuwa 164 kwa 112. Muuguzi alifanya jambo ambalo thamani yake haipungui hata mgonjwa akiwa hajashikwa na degedege: alimpa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, gramu 4 polepole katika mshipa na gramu 5 katika kila tako, na dawa ya kushusha shinikizo, kisha ndipo akamwita dereva wa gari la wagonjwa. Dozi hutangulia safari. Barabara za Mbulu na Hanang wakati wa mvua hazina ahadi. Walioshuhudia tope lililoporomoka kutoka mlima Hanang juu ya Katesh mwezi Desemba mwaka 2023 na kuua watu zaidi ya 80 hawahitaji kuelezwa hilo.

Hospitalini swali la siku ile ya kwanza lilirudi. Dawa ya hakika ya maradhi haya ni moja, nayo ni kuzaa. Lakini mimba ilikuwa na wiki ngapi? Kwa hesabu ya utepe zilikuwa 35. Kwa picha ya siku ile mtoto alilingana na wiki 33, na picha ya mwezi wa mwisho huweza kukosea kwa wiki tatu huku na huku. Kama ni 35, inafaa kumzalisha. Kama ni 32, mtoto anahitaji sindano za kukomaza mapafu, na kila siku anayokaa tumboni ni faida kwake na hatari kwa mama. Daktari aliamuru sindano zianze, akamtazama mgonjwa saa baada ya saa. Siku ya pili maumivu yakaja chini ya mbavu na chembe za damu zinazogandisha zikaanza kupungua. Hapo shaka ikakoma, uchungu ukaanzishwa.

Mtoto wa kike alizaliwa kwa njia ya kawaida baada ya saa 14, akiwa na uzito wa kilo 1.9. Nyonga, ambayo kila mtu aliiogopa, haikuleta taabu yoyote, kwa sababu mtoto alikuwa mdogo. Alifungwa kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, kama wafungwavyo watoto njiti. Magnesiamu iliendelea saa 24 baada ya uzazi, kwani kifafa huweza kuja hata baada ya mtoto kutoka, na shinikizo huwa kubwa tena baina ya siku ya tatu na ya sita, wakati ambapo wazazi wengi wamekwisha kurudi nyumbani. Damu iliyomtoka ilikuwa ya kadiri. Lakini wekundu aliokuja nao siku ya kwanza usingalimwachia nafasi kubwa ya kupoteza. Vidonge vile viwili vya kila siku, vilivyomezwa kwa maji, vilikuwa vimefanya kazi yao.

Walikaa wodini siku 16. Muuguzi wa watoto alipoijaza kadi ya kuondokea aliifunua na ile ya kliniki, akapitisha kidole katika jedwali la mahudhurio. Tanzania hufuata sasa mwongozo wa mahudhurio manane, la kwanza kabla ya wiki ya 12. Safu za mwanzo zilikuwa tupu, nyeupe tangu juu mpaka chini; wino ulianzia katikati ya ukurasa. Akauliza mbona binti alichelewa hivyo. Binti aliinamisha kichwa. Bibi, aliyekuwa akimfunga mtoto vizuri zaidi kifuani pa mama yake, alijibu kwa niaba yake:

“Tulikuwa tunamficha, mwanangu. Sisi sote.”

Kisha akauliza kama ni kweli kwamba tangu mwaka 2021 shule hupokea tena msichana aliyekwisha kuzaa, na kama anayo miaka miwili ya kurudi, na barua hiyo huandikwa na nani.